Kikwembe cha Mgeni Siku ya Dote



Katika juma zilizopita tuliongea juu ya vijana wanaotaka kuoana: namna ya kumjulisha mchungaji, namna ya kuwaendea wazazi. Leo nataka kuongea na wale wanaoalikwa. Siku ya dote si ya wachumba peke yao. Unapewa habari kwamba Jumamosi fulani familia ya kijana inakwenda kujitambulisha kwa familia ya binti, au inapeleka dote kabisa, na wewe umeombwa kuwa mmoja wa watakaokwenda. Neno la kwanza linalotoka kinywani ni: nitavaa nini? Wengine hucheka neno hilo, wakisema ni mambo ya wamama. Mimi sicheki, kwa sababu nguo hiyo ilishanitia aibu, na nimeona dada akikosa kwenda kwa rafiki yake juu ya kikwembe.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita hapa Bukavu, mtoto wa jirani yetu alikuwa anapeleka dote. Familia yake iliniomba niwe kati ya watu kumi watakaoingia na mzungumzaji wao. Familia ya binti ilikuwa imeambiwa: mtapokea watu kumi. Wakapanga viti kumi upande wa kuume, vinywaji kumi, sahani kumi. Mimi nikavaa kikwembe changu kizuri, cha rangi ya samawati chenye maua ya manjano, nilichonunua Kadutu kama miezi sita mbele. Hakuna aliyekuwa ameniuliza nitavaa nini, na mimi sikuuliza mtu.

Tukafika. Mlangoni palikuwa na msongamano, maana mvua ilikuwa imeanza kudondoka na kila mtu alikuwa anakimbilia chini ya turubai. Mara mama mmoja akanishika mkono: “Dada, mbona umechelewa? Njoo huku.” Akanivuta mpaka nyuma ya nyumba. Nilipotazama, wamama wote pale nyuma walikuwa wamevaa samawati yenye maua ya manjano! Ilikuwa ndiyo sare ya shangazi na dada za binti. Nikapewa sinia la glasi. Nikiwa najaribu kueleza, mzungumzaji wetu kule mbele alikuwa anahesabu watu wake: tisa. Mzee wa familia ya binti akauliza, “Mlituambia kumi. Huyo wa kumi amerudi nyumbani, au ameona kitu kisichompendeza kwetu?” Alisema kwa mzaha, lakini katika dote mzaha wa namna hiyo unaweza kugeuka. Nilipotokea na sinia mkononi, watu walicheka sana. Mzungumzaji wetu hakucheka. Wenyeji walituomba tulipe kreti moja ya Fanta kwa kuwa “binti wao amekwenda kwetu kabla ya dote”, na tukailipa.

Basi kutoka siku ile nimejua jambo hili: katika dote, nguo ya mgeni inasema ametoka upande gani, na mara nyingi inalisema kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa. Harusini mnachanganyika. Kwenye dote familia mbili zimekaa zikitazamana, hazijakuwa bado kitu kimoja, na watu wengi wa upande huu hawajawahi kuona sura za upande ule. Wanatambuana kwa nguo. Kwa hiyo ukialikwa, kabla ya kufikiria rangi inayokupendeza, uliza maswali matatu. Niko upande wa nani? Upande wetu umechagua kikwembe gani? Na wale wengine wamechagua kipi? Swali la tatu watu hulisahau, na ndilo lililoniponza. Michoro inayopendwa hujaa sokoni wakati mmoja, na familia mbili zinaweza kuchagua mmoja bila kujua. Mama wa binti na mama wa kijana wakitumiana picha kwa simu, shida inaisha.

Kama hakuna sare, au wewe ni rafiki wa kazini tu, vaa kikwembe chako cha kawaida ulichokitunza vizuri, lakini jihadhari na mavazi mawili. Moja ni nguo nyeupe ya dantela, ya kung’aa, pamoja na shanga za kichwani au kitambaa chepesi cha kufunika uso. Mnajua kwamba katika dote nyingi binti hutolewa akiwa amefunikwa, pengine pamoja na dada zake waliofunikwa vilevile, na upande wa kijana unapaswa kumtambua. Mgeni aliyejipamba hivyo anaharibu mchezo wa wenyewe, na macho yanamfuata yeye. La pili ni nyeusi tupu kutoka juu mpaka chini. Kijana wa leo anaiona ni ya heshima, lakini wazee wengi bado wanaihesabu kuwa ya kilio.

Tena, wauza vikwembe hupenda kuipa michoro majina. Uko mmoja wa ndege wanaoruka wakitoka kizimbani, ambao Afrika ya Magharibi uliitwa kwa maneno ya mwanamke anayemwambia mumewe: ukitoka, na mimi natoka. Mwingine huitwa jicho la mke mwenza. Hayo ni ya kucheka, najua, lakini kama mwuzaji anakuambia jina, lisikilize. Kuna shangazi anayelijua, naye atakuwa amekaa mstari wa mbele.

Sasa tuje kwa lile lililonileta hapa, ile sare ya kununua.

Dada mmoja wa korali yetu, mwalimu, alialikwa kwenye dote ya rafiki yake waliyesoma pamoja. Wiki nne mbele, alitumiwa picha ya kikwembe na bei: yadi 6 kwa dola 24. Mshonaji wake alimwomba dola 15 kwa sketi, libaya na fulari ya kichwa. Hizo ni dola 39. Ongeza dola 10 alizotaka kutia katika bahasha, na nauli ya motari kwenda na kurudi. Alikuwa anakaribia dola 50, na mshahara wake wa mwezi haukufika 100. Alikaa kimya. Wiki tatu zikapita. Rafiki yake akadhani amemdharau. Yeye akadhani rafiki anajua hali yake na anamtesa kwa makusudi. Siku ya dote hakwenda. Walikuja kwangu baadaye wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akilia.

Nilimwonyesha dada huyo yale ambayo mtu angepaswa kumweleza mapema. Yadi 6 ni kama mita 5 na nusu. Ndani yake kuna vipande 3 vya yadi 2. Kipande kimoja kinatoa sketi, cha pili kinatoa libaya, cha tatu ni kile unachojifunga juu au kutupia begani, na ukitaka fulari unakata humohumo. Kwa mama wa binti, au shangazi anayemtoa, vipande vyote vitatu vina kazi. Kwa rafiki wa shule, sketi peke yake inatosha. Yeye na wenzake wawili wa korali walioalikwa wangeweza kununua yadi 6 kwa pamoja. Kila mmoja angetoa dola 8 na kupata yadi 2, na sketi ingeshonwa kwa dola 6. Juu angevaa libaya au blauzi yake ya rangi moja, inayolingana na rangi mojawapo ya kikwembe. Hizo ni dola 14 badala ya 39, na mtu akimtazama anaona mara moja kwamba ni wa upande wa binti.

Kama hata hizo 14 hazipo, iko njia ya kukata fulari tu. Dada mwenye mabaki anaweza kukupa kipande cha kichwa, ukakifunga juu ya nguo yako nyingine. Lakini mambo haya yanapaswa kusemwa mapema, katika siku mbili au tatu baada ya kupata picha, si siku ya mwisho. Sema wazi: “Dada, nitakuja, lakini sare yote nitashindwa. Nikivaa sketi yake itafaa?” Katika miaka yote hii sijasikia bibi arusi aliyekataa. Kinachowaumiza ni kimya.

Na ninyi mnaochagua sare, ninawaomba pia. Msichague kwa kutazama mfuko wa shangazi aliye Ulaya. Tena msitie faida juu ya bei bila kusema. Nimesikia familia ikinunua kikwembe kwa bei moja na kukiuza kwa wageni kwa bei nyingine, ili kupata pesa za chakula. Kama mnahitaji mchango wa chakula, ombeni mchango wa chakula. Mgeni akienda sokoni akakiona kwa bei ya chini, sura yake siku ya dote haitaficha.

Tumalize hili la kununua. Waksi ya kweli imepigwa rangi pande mbili. Ukiigeuza, mchoro wa nyuma unakaribia kabisa ule wa mbele. Kama nyuma ni hafifu, kitambaa kimechapwa upande mmoja tu, na hicho kinapaswa kuwa cha bei rahisi. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, huandika jina lake kwenye ukingo wa kitambaa; lakini wenye kuiga nao wanajua kuandika, kwa hiyo usinunue maandishi peke yake. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na kubaki majivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuwa punje ngumu. Si dhambi kununua cha plastiki kama ndicho unachoweza, ila ujue utatoka jasho chini ya turubai, na usilipe bei ya pamba.

Cha pamba ukiloweke katika maji baridi usiku mmoja, ukianike kivulini, ndipo umpelekee mshonaji. Wengi wanaruka hatua hii. Tuseme kitambaa chako kinapungua sehemu 5 kwa 100: katika yadi 2 unapoteza sentimita 9 hivi. Sketi iliyokaa vizuri siku ya dote, ukiifua mara ya kwanza, haifiki tena mahali pake, na zipu inakataa. Maji yale yatakuonyesha pia kama rangi inatoka. Afadhali itoke katika beseni kuliko kwenye blauzi yako nyeupe wakati mvua imekupiga njiani.

Mpelekee mshonaji wiki tatu mbele, umwambie siku ya dote ni Alhamisi hata kama ni Jumamosi. (Mungu anisamehe, lakini ninyi mnawajua washonaji.) Nenda kujaribu nguo kabla hajaikamilisha. Na unapojaribu, usisimame tu mbele ya kioo. Kioo hakijui utakayofanya kule.

Utafanya nini kule? Utapanda pikipiki, maana si kila parseli ya Bukavu inafikiwa kwa gari. Utashuka ngazi za udongo. Utakaa kwenye kiti kifupi cha plastiki muda wa saa tatu au nne, wazee wakiwa wamekaa mbele yako. Utapiga magoti kumsalimu mama wa binti, au kupokea kitu. Kama uko upande wa kijana, unaweza kupewa kikapu au beseni la zawadi kichwani, uingie ukiimba, mikono yote miwili juu. Basi kwa mshonaji fanya mambo hayo manne: kaa kwenye kibao, piga magoti na kuinuka bila kushika kitu, inua mguu kama unayepanda pikipiki, kisha nyoosha mikono juu ya kichwa. Mikono ikiwa juu, libaya inapanda. Kama kiuno kinaonekana, aongeze urefu wakati kitambaa bado kipo. Kama huwezi kupiga magoti, sketi ni nyembamba mno chini. Aipanue, au afungue mpasuo wa nyuma na kuutilia kitambaa ndani.

Na hapa ndipo ninyi vijana mtaelewa kwa nini bibi zenu walijifunga kikwembe cha pili juu ya sketi. Ndicho kilichowafunika walipopanda, walipokaa, walipopiga magoti. Ukiwa na kipande hicho, ukijifunge. Kama huna, beba kikwembe chochote safi ndani ya mfuko, ukitandaze juu ya magoti unapokaa.

Viatu sitasema mengi. Kisigino chembamba kinazama katika udongo, na kutoka mwezi wa tisa mpaka wa tano kwetu ni mvua. Vaa kiatu cha chini.

Wababa, nanyi. Kijana ndiye atakayetazamwa, na baada yake mzungumzaji. Wengine vaeni shati la sare au kostimu ya kawaida, inatosha. Shati la mikono mifupi kwa mtu wa kadiri linatoka katika yadi 2. La mikono mirefu, au kama Bwana amekubariki tumbo, omba 3. Mzungumzaji avae nguo inayomtofautisha kidogo, hata kravati tu ya kitambaa cha sare, ili wenyeji wajue wa kuongea naye.

Kuna swali moja lililotumwa na dada wa Goma. Amealikwa kwenye dote ya familia ambayo desturi yao ni mushanana, naye si wa kabila lao. Anauliza: nikivaa, nitaonekana ninaigiza? Na bega lile lililo wazi, kanisa litasemaje?

Dada, kama familia yenyewe imekuomba kuvaa, vaa. Wamekuhesabu kuwa wa kwao. Kama hawakukuomba, uliza kwanza. Usijitokeze nayo peke yako. Mushanana ni sketi ya kitambaa inayofungwa na kukunjwa kiunoni, blauzi ya kubana juu, na kitambaa kirefu kinachopita juu ya bega moja. Mara nyingi unaweza kuikodi, usishone. Kuhusu bega, vaa ndani blauzi yenye mikono, ya rangi ileile. Wengi wanafanya hivyo na hakuna mzee anayeona vibaya. Kitambaa chake mara nyingi ni chepesi, kwa hiyo vaa sketi ya ndani ndefu, usimame kwenye jua umwombe mwenzako akutazame. Na ufungwe na mama anayejua, kwa pini za kufungia, zaidi ya moja. Usijifunze kujifunga asubuhi ileile.

Wapo wanaosema mkristo asijali mavazi ya sherehe hizi, kwamba ni mambo ya dunia. Someni Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu alipokwenda kumtakia Isaka mke, alibeba vyombo vya fedha na dhahabu, na mavazi. Alimpa Rebeka mavazi, akawapa kaka na mama yake vitu vya thamani. Halafu Rebeka, alipomwona Isaka akija, alijifunika. Mavazi yapo katika habari ile tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini angalieni yanamwendea nani: yanamwendea binti. Wale watu waliosafiri pamoja na mtumishi yule wanatajwa; waliletewa maji ya kuosha miguu, walikula, walilala. Walivaa nini, hatuambiwi.

Yule dada mwalimu na rafiki yake walipatana. Mwezi wa pili baadaye mdogo wa rafiki huyo alitolewa dote, na mwalimu alikuwepo, amevaa sketi ya sare na blauzi nyeupe ya kawaida ambayo korali yote inaijua. Alipewa beseni la unga kulibeba kichwani. Nilimtazama aliponyoosha mikono, nikitazama libaya zaidi ya beseni. Ilikuwa ndefu ya kutosha.